Slaidi ya Sita

Jina lake halisi lilijulikana kwa karani wa mishahara na kwa ndugu zake tu. Kwa wengine wote katika jengo la idara ya maji, kuanzia mlinzi wa getini hadi meneja, alikuwa Mama Slaidi, na mwenyewe alishaacha kugeuka akiitwa vinginevyo. Alikuwa mhazili wa miaka hamsini na tisa, mwembamba, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, na alikuwa amebakiza miezi minne astaafu. Alitumikia mameneja watano. Wanne wa kwanza walihamishwa mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiondoka na sifa ya kuzungumza vizuri mbele ya watu, na hakuna aliyewahi kusema maneno ya ukutani yalipangwa na nani. Hilo halikumnyima usingizi. Alisema mshonaji naye hatajwi harusini.

Kazi aliianza kwa mashine ya kuchapa. Akahamia kwenye zile karatasi za plastiki zilizokuwa zikiwekwa juu ya taa, akiziandika kwa kalamu ya wino mzito na kufuta makosa kwa pamba na spiriti. Siku hizo meneja wa kwanza alitaka kila karatasi iwe na Kiswahili juu na Kiingereza chini, yote, hadi nukta. Matokeo yake watu walikaa ukumbini wanasoma. Wakimaliza lugha yao wanahamia ya wenzao, kupima kama imetafsiriwa sawasawa, na meneja anaongea peke yake kama redio iliyosahauliwa sebuleni.

Hapo ndipo Mama Slaidi alipojitungia kanuni yake, ambayo hakuna chuo kilichomfundisha: mdomo na ukuta visiseme lugha moja. Mzungumzaji akitumia Kiswahili, ukuta uwe wa Kiingereza. Akigeukia Kiingereza, ukuta nao ugeuke Kiswahili. Kwa hiyo nusu ya ukumbi inasikia, nusu inasoma, na hakuna anayekaa bure hadi zamu yake ifike. Wanaojua lugha zote mbili wanapata vyote viwili, na hao ndio wa kuwachunga, maana wanalinganisha.

Zilikuwapo na kanuni ndogondogo. Mistari isizidi miwili kwa slaidi, kwa sababu mtu hawezi kusoma barua huku akisikiliza. Kiswahili kikihitaji nafasi kubwa kuliko Kiingereza, na mara nyingi kinahitaji, usipunguze saizi ya herufi; punguza maneno. Maandishi ya kwenye grafu yaandikwe juu yake, yasibandikwe pamoja nayo kama picha, la sivyo siku ya kubadili lugha utalia. Tarakimu ziachwe peke yake, kubwa, kwa sababu hizo ni za wote. Na chini ya kila slaidi, kwenye ile sehemu ya maelezo ambayo ukumbi hauioni, aliandika maneno ya mzungumzaji kwa lugha atakayoitumia, ili mbonyezaji ajue ageuze wapi. Mbonyezaji alikuwa yeye. Hakumwachia mtu kidole.

Basi ukaja mkutano ule. Idara ilikuwa na kikosi cha watu sita kilichoitwa kikosi cha masikio. Kazi yao ilikuwa kutembea alfajiri, mji ukiwa kimya, kila mmoja na fimbo ya chuma yenye kikombe juu. Unaweka ncha kwenye vali au bomba, unaweka sikio kwenye kikombe, na kama chini kuna mahali panavuja unasikia mvumo mwembamba usiokatika. Mkuu wao alikuwa fundi wa miaka hamsini na sita aliyeitwa Sikio, mtu mfupi, mzito wa kusema, ambaye kwa sababu ya kazi alikuwa na tabia ya kuinamisha kichwa upande mmoja hata anapokusalimia. Sasa lilijitokeza shirika la nje lililokuwa tayari kuisaidia idara kupata vifaa vya kusikiliza, vinavyofungwa kwenye mabomba na kutuma habari vyenyewe. Vikija vya kutosha, kikosi kingevunjwa. Wageni watatu wangekuja kusikiliza, pamoja na bodi na wawakilishi wa mitaa, kisha wangeandika ushauri wao. Watu sita, watano kati yao wasiojua kazi nyingine, walikuwa wanangoja karatasi hiyo.

Meneja alikata shauri kwamba Fundi Sikio azungumze mwenyewe sehemu ya kwanza, kwa Kiswahili, aeleze kazi inavyofanyika. Yeye meneja angemalizia kwa Kiingereza, takwimu na maombi. Slaidi saba za fundi, tano za meneja. Kwa hesabu ya Mama Slaidi, saba za kwanza zilikuwa za Kiingereza ukutani na tano za mwisho za Kiswahili.

Fundi alikuja ofisini kwake siku tatu mfululizo, saa nane mchana, akiwa amenawa mikono hadi kwenye viwiko. Alikaa kwenye ncha ya kiti kama mtu aliyeitwa kuhojiwa. Mama Slaidi alimwambia asimulie tu, na yeye akawa anachapa. Yakamtoka maneno mengi kuliko alivyowahi kumsikia akisema kwa miaka ishirini. Alieleza chuma kinavyoimba na plastiki inavyonyamaza. Alieleza kwamba tanki la choo likivuja nyumbani kwa mtu linaweza kukudanganya ukachimba barabara bure. Mama Slaidi alikata, akaunga, akapata slaidi tano safi. Ya sita ndiyo iliyoleta maneno.

Mwaka uliopita, mtaa wa nyuma ya soko ulikaa siku kumi na moja bila maji. Bomba lilikuwa limepasuka chini ya barabara na maji yanaingia kwenye mtaro wa zamani bila kuonekana juu. Fundi Sikio mwenyewe alipita pale siku ya pili, akaweka fimbo, akasikiliza, akaandika kwenye daftari kwamba bomba ni zima. Halikuwa zima. Kipande kile kilikuwa kimebadilishwa kutoka chuma kuwa plastiki, na kwenye plastiki sauti haifiki mbali. Yeye alisikiliza kwa hatua ndefu za chuma. Siku tisa zaidi watu walibeba ndoo kwa sababu ya mstari mmoja wa daftari.

"Hilo nataka liwemo," alisema. "Wale watu watakuwepo ukumbini. Siwezi kusimama mbele yao nikajisifu masikio."

Mama Slaidi akaandika slaidi ya sita, kwa Kiingereza, tarakimu kumi na moja ikijaza nusu ya ukuta, na chini yake mstari mmoja: mtaa mmoja ulikosa maji siku zote hizo kwa sababu kikosi kilipita juu ya uvujaji na kusema hakuna kitu. Ilikuwa slaidi nzuri. Aliiangalia kwa mbali akaridhika nayo.

Meneja hakuridhika. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na mitano, mwenye adabu, anayebisha hodi hata kwenye ofisi ya mhazili wake, na haki yake apewe: kikosi alikipenda. Alivuta kiti akakaa, akasema anaomba wazungumze kama watu wazima.

Alieleza kwamba fundi aseme atakalo kwa Kiswahili. Watu wa mtaa wanajua habari yao, ukiwaficha watazomea. Lakini wageni hawaijui, na wageni ndio wenye kalamu. Wakiona tarakimu kumi na moja ukutani, wataandika kwamba masikio ya watu hayaaminiki, na kikosi kitavunjwa kabla ya chai. Kwa hiyo Kiingereza cha ukutani kiseme tu kwamba mahali pamoja matengenezo yalichelewa kidogo.

"Si uongo, mama," alisema. "Yalichelewa. Tunawaokoa hao watu sita."

Hapa msimulizi hana budi kumvua Mama Slaidi kilemba alichomvika mwanzoni. Jambo lile halikuwa geni kwake. Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa amefanya hivyo mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka: upande huu wa ukumbi uambiwe "changamoto," upande ule uonyeshwe sababu, huku shukrani ndefu, kule ahadi fupi. Lugha mbili ukumbini ni kama mlango wenye makomeo mawili, na yeye ndiye aliyeshika funguo. Mameneja wote walilijua hilo kabla hawajajua mahali pa kuegesha gari. Hakuna msikilizaji aliyewahi kugundua, na kwa kuwa hakuna aliyegundua, alishajizoesha kuliita jambo hilo ustadi.

Akasema sawa, bosi. Akaandika slaidi mpya, ya saba, yenye picha ya barabara iliyochimbwa na ule mstari wa kuchelewa kidogo. Slaidi ya kufungia ya fundi ikasogea kuwa ya nane. Lakini ile ya sita hakuifuta. Aliificha tu. Programu ina namna hiyo: slaidi inabaki kwenye faili na namba yake, ila ukibonyeza kwenda mbele inarukwa, unatoka ya tano unaingia ya saba, isipokuwa uiite mwenyewe kwa kubonyeza namba yake. Kwa nini hakuifuta, hakujiuliza. Pengine aliona uchungu kuitupa kazi nzuri.

Siku moja kabla ya mkutano fundi alikuja kuchukua nakala ya kujifunzia. Mama Slaidi alimchapia slaidi zake, sita kwa ukurasa, na zilizofichwa hazikuchapwa. Fundi alizipindua zile karatasi kwa vidole vyake vinene. Kiingereza alikijua cha kazini tu, majina ya vifaa na hesabu. Sentensi nzima ilimshinda. Akainamisha kichwa upande kama kawaida yake.

"Dada," aliuliza, "ukuta unasema ninachosema mimi?"

"Unasema," alijibu Mama Slaidi.

Fundi akashukuru, akakunja karatasi mara mbili, akaondoka. Mama Slaidi akarudi kwenye barua alizokuwa akichapa, akakosea neno moja mara tatu.

Nyumbani aliishi na mdogo wake, mjane kama yeye, mwenye mashine ya kushona na ulimi wa kukatia nguo. Kabla ya kila mkutano walikuwa na desturi yao. Mama Slaidi aliweka kompyuta mpakato juu ya meza ya chakula, mdogo wake akasimama mwisho wa ukumbi mdogo wa kuingilia, mgongo ukigusa mlango wa mbele. Kama akiwa pale anaweza kusoma, basi mtu wa safu ya nyuma naye ataweza. Za Kiswahili alizisoma kwa sauti. Za Kiingereza alitamka herufi moja moja, kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa cha lebo za vitambaa.

Jioni ile walipita zote. Walipofika ya saba mdogo wake alisoma herufi za mstari, akauliza hiyo ndiyo ile ya siku kumi na moja? Habari ya fundi alikuwa ameshasimuliwa mezani tangu juzi, na ilikuwa imempendeza, maana alisema hajawahi kusikia mtu wa idara ya maji akikiri kitu.

Mama Slaidi akasema ndiyo, ndiyo hiyo.

"Mbona sioni kumi na moja?"

Akamweleza. Alimweleza vizuri, kwa maneno ya meneja, hadi pale pa kuokoa watu sita. Mdogo wake alisikiliza akiwa bado ameegemea mlango.

"Yaani huyo fundi atasimama anakiri," alisema, "na nyuma ya mgongo wake ukuta unamkana."

Mama Slaidi alisema si kumkana, ni kulainisha. Mdogo wake akasema haya, wewe ndiye msomi, akaenda kuzima jiko. Hawakuongea tena habari hiyo. Kuna watu wanaokugombeza kwa maneno mengi ukapona, na kuna anayesema moja akaenda jikoni. Mama Slaidi alilala usingizi wa mang'amung'amu, na kila alipoamka alijikuta anahesabu watu wa ukumbini wanaojua lugha zote mbili. Mwenyekiti wa bodi. Katibu. Mwalimu anayewakilisha mtaa wa nyuma ya soko. Mkalimani wa wageni. Meneja. Yeye. Wote hao wangesikia "siku kumi na moja" na kusoma "yalichelewa kidogo" kwa wakati mmoja. Na mwalimu yule hakuwa mtu wa kumeza maneno. Angenyanyua mkono, na aliyekuwa anasema kweli ndiye angeonekana mwongo.

Hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya busara. Ilikuwapo na nyingine, isiyo ya busara, nayo ilimkaa rohoni zaidi: mtu alimuuliza swali moja, akajibiwa neno moja, na neno hilo halikuwa kweli.

Ukumbi ulikuwa wa kawaida, viti vya plastiki mia na ishirini, mapazia mazito upande wa jua, na feni moja inayolalamika. Mama Slaidi alifika saa moja kabla. Akawasha projekta, akaenda kusimama kwenye safu ya mwisho, akaongeza ukubwa wa herufi kwenye slaidi mbili, akarudi. Alikaa pembeni mbele, kompyuta juu ya kijimeza, mahali ambapo anauona mdomo wa mzungumzaji na ukuta kwa pamoja. Wageni watatu, wanawake wawili na mwanaume mmoja, walikaa safu ya kwanza. Mkubwa wao alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mvi fupi na daftari gumu.

Mwenyekiti alifungua. Fundi Sikio akasimama. Alikuwa amevaa koti lililombana mabega, mkono mmoja mfukoni, na hakuutoa. Alianza kwa sauti ya chini, ukumbi ukalazimika kunyamaza ili umsikie, na ikawa vizuri kuliko ambavyo wangepanga. Alisimulia chuma kinavyoimba. Wageni walikuwa wanasoma ukutani kwa Kiingereza huku wanamtazama yeye, wenyeji wanasikiliza, na pale alipotaja tanki la choo pande zote mbili zilicheka karibu kwa wakati mmoja. Mama Slaidi aliona jambo hilo lilivyokaa, akajisikia fahari aliyoizoea. Moja, mbili, tatu, nne, tano.

 Kisha fundi akasema kuna jambo la mtaa wa nyuma ya soko. Hapo alifanya kitu ambacho hakikupangwa: aligeuka akautazama ukuta. Slaidi ya tano ilikuwa bado pale. Alisimama hivyo, kichwa kimeinama upande, anangoja.

Mama Slaidi aliona uso wa meneja kwa pembe ya jicho. Aliona mwalimu, safu ya nne, miguu imepishanishwa. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kwenda mbele, ambacho kingeleta ya saba na picha yake ya barabara. Akakiondoa. Akabonyeza namba ya sita, kisha kitufe cha kuingiza.

Kumi na moja ikajaa ukutani.

Fundi aliiangalia tarakimu ile. Kiingereza chake chote kilikuwa kinatosha kusoma hiyo. Akaugeukia ukumbi akasema, sasa kwa sauti iliyotosha, kwamba zilikuwa siku kumi na moja, kwamba aliyesikiliza ni yeye na si kijana wake yeyote, kwamba aliandika zima na halikuwa zima, na anawaomba radhi. Hakupamba. Hakuna aliyepiga makofi wala kuzomea. Mwalimu wa safu ya nne aliweka miguu yote chini. Mwanamke mwenye mvi alikuwa anasoma mstari ule, na aliponyanyua uso alimtazama fundi kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama tangu asubuhi.

Mama Slaidi hakusahau kwamba kubonyeza mbele kungeleta ya saba. Fundi alipofika mwisho wa maneno yale, yeye alibonyeza nane, na kitufe cha kuingiza. Ile ya kuchelewa kidogo haikuonekana na mtu siku ile wala siku nyingine.

Meneja alizungumza sehemu yake kwa Kiingereza, ukuta ukageuka Kiswahili, na haki yake tena apewe: hakuyumba. Aliruka sentensi moja tu, ile iliyosema kwamba kikosi hakijawahi kupitwa na uvujaji mkubwa. Kwenye slaidi haikuwemo, kwa bahati. Ilikuwa ya mdomo.

Kwenye maswali, mwanamke mwenye mvi alimuuliza fundi kwa kupitia mkalimani: baada ya kosa lile, alibadili nini? Fundi akajibu kwamba sasa penye plastiki wanasikiliza kila baada ya hatua chache, na wamechora ramani ya vipande vyote vya plastiki, kwa kuwa ofisi haikuwa nayo. Wameichora kwa miguu yao. Yule mgeni akauliza, je, vifaa vya kufunga vingesikia pale? Fundi akasema yeye havijui vifaa hivyo, ila sauti haichagui anayesikiliza. Plastiki ikinyamaza, imenyamaza kwa wote, labda uvipange karibukaribu. Mgeni alimtazama mwenzake wa kiume, yule akatikisa kichwa kukubali. Wakaandika. Waliandika muda mrefu, na mwenyekiti alilazimika kukohoa.

Baada ya chai meneja alimfuata Mama Slaidi alipokuwa anakunja nyaya. Aliuliza kwa upole kama kompyuta ilikuwa na hitilafu. Angeweza kusema ndiyo, na jambo lingeishia hapo. Mlango wa kutokea alifunguliwa wazi.

"Haikuwa na hitilafu, bosi," alisema. "Ni kidole changu."

Meneja akasema ameelewa. Tangu siku ile slaidi za idara zilipelekwa kwa afisa habari, kijana mwenye bidii anayependa maneno yaingie yakizunguka, Kiswahili juu na Kiingereza chini, hadi nukta. Mama Slaidi alimaliza miezi yake minne akichapa barua. Hakulalamika, ingawa siku ya kwanza alipoziona slaidi za yule kijana zikizunguka ukutani alihisi maumivu ya kweli, na ilibidi atoke nje akanywe maji.

Majibu ya wageni yalikuja wiki tano baadaye. Walishauri vifaa vichache tu, vya kwenye bomba kuu la chuma. Penye plastiki kikosi kibaki, kwa miaka miwili ya kwanza, na ramani yake itumike. Ushauri ulinukuu habari ya siku kumi na moja, ukaieleza kuwa ndiyo sehemu ya mazungumzo iliyowapa imani. Meneja aliisoma barua ile kwa kikosi kizima, mwenyewe, amesimama, na alipomaliza alitazama chini.

Siku hiyohiyo, saa nane mchana, Fundi Sikio alibisha kwenye ofisi ya mhazili, mikono imenawa hadi viwiko. Hakukaa. Alisema amekuja kuleta kitu. Alisema jioni ile aliyochukua zile karatasi, binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, alimsomea zote kwa Kiswahili, moja baada ya nyingine, na alipofika ile yenye picha ya barabara aliisoma mara mbili.

Mama Slaidi akavua miwani. Akauliza kama alijua, kwa nini hakurudi kumwambia.

"Niliuliza mara moja, dada," alisema. "Nikaona nisikusumbue mara ya pili. Nikajiandaa."

Akatoa mfukoni mwa koti kipande cha karatasi kilichokunjwa hadi kikawa kidogo kama kidonge, akakiweka juu ya meza, akaaga, akaenda zake.

Alikikunjua fundi alipokwisha kuondoka. Kilikuwa kimechakaa kwenye mikunjo kwa kushikwashikwa, na Mama Slaidi akakumbuka ule mkono ambao haukutoka mfukoni. Mwandiko ulikuwa wa kike, mkubwa, ulionyooka, wa mtu anayeandika ubaoni kila siku. Zilikuwa sentensi mbili za Kiingereza, na chini ya kila moja namna ya kuitamka, kwa herufi ambazo mtu mzima anayejua Kiswahili tu angeweza kuzisoma bila kukosea:

ileveni deizi.

iti wozi mai iya.